Udongo Uliokataa Kukatika

Pale maabara ya udongo Miritini, Salha binti Faki huitwa Mama Jalila. Madereva wanaoshusha magunia ya sampuli humwita hivyo, na wapishi wa mkahawa wa mkabala humwita hivyo anapokwenda kununua chai na mahamri. Wengi hudhani Jalila ni msichana mkubwa, yuko shule mahali. Siku moja dereva mgeni alimuuliza mwanawe yuko darasa la ngapi. Salha alijibu kwamba angekuwa la saba, kisha akainama kufungua gunia. Yule dereva aliwasha lori akaenda zake, pengine njiani ndipo neno lile "angekuwa" lilipomfikia.

Salha alizaliwa ng'ambo ya Likoni, nyuma ya Mtongwe, kwenye shamba la minazi ambalo babake, Mzee Faki, alirithi kwa wazee wake. Shamba lenyewe liko juu ya mwinuko wa mchanga mwekundu. Mvua ikinyesha huko juu, maji huzama, na baada ya muda mfupi mtu hupita na viatu vyake safi. Chini ya mwinuko kuna bonde la udongo mweusi, na huko ndiko ilikopita njia pekee ya gari kuelekea lami. Wakati wa kiangazi udongo ule hupasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi. Masika yakiingia hunywa maji, ukavimba, ukawa gundi tupu.

Ilikuwa masika Jalila aliposhikwa na homa. Alikuwa na miaka minne, na shingo yake ilikuwa imekakamaa hata hawezi kugeuza kichwa. Salha na mumewe, Anwar, walikuwa wamekuja kumjulia hali mzee. Walimfunika mtoto kwa leso, wakampakia kwenye gari la jirani, wakateremka bondeni. Hawakuvuka. Magurudumu yalizama hadi kwenye vyuma, na kadiri dereva alivyokanyaga mafuta ndivyo gari lilivyozidi kujichimbia. Mzee Faki alisukuma hadi kanzu ikawa nyeusi kifuani. Anwar alimchukua mtoto mabegani akaanza kutembea, matope yakimvua kiatu kimoja kisha cha pili, Salha nyuma yake. Walipofika kwenye lami na kupata gari jingine, mtoto alikuwa hai. Walipofika hospitali hakuwa hai tena.

Walimzika juu, kwenye mchanga, kando ya bibi yake, mamake Salha, pale penye makaburi ya ukoo upande wa mashariki wa shamba. Mzee Faki alilichimba kaburi lile kwa mkono wake, akakataa kusaidiwa.

Ndoa haikudumu. Hapakuwa na ugomvi. Anwar alikuwa akikaa barazani bila kusema, na Salha akikaa chumbani bila kusema, hadi ikawa kila mmoja akimwona mwenzake huona bonde lile. Waliachana kwa maneno machache na kwa heshima. Anwar alihamia Kisauni akaoa tena. Salha alipanga chumba Chaani, akaendelea na kazi yake ya maabara, kwa sababu mikono yake ilikuwa haijui kukaa bure.

Kazi yenyewe ni ya kuuliza udongo maswali mawili. La kwanza: unahitaji maji kiasi gani ndipo uache kusimama na uanze kutiririka? La pili: unabaki na maji kiasi gani pale unapoacha kufinyangika na kuanza kukatika? Tofauti ya majibu hayo mawili ndiyo inayoeleza tabia yake. Ikiwa ndogo, udongo ni mtulivu, unaweza kulaliwa na barabara au kufyatuliwa matofali. Ikiwa kubwa mno, udongo huo ni wa kuvimba na kusinyaa kila msimu, na chochote utakachoweka juu yake, ukuta au lami, udongo utakipasua.

Basi ikaja habari kwamba barabara ya lami itajengwa kuunganisha vijiji vile vya nyuma ya Mtongwe. Watu walifurahi sana. Kisha wapimaji ardhi wakaja na ramani yenye mistari miwili. Mstari mmoja ulipita bondeni, ukifuata njia ya zamani, na haukugusa nyumba ya mtu. Wa pili ulipita juu kwenye mwinuko, ukakata shamba la Mzee Faki upande wa mashariki. Mhandisi aliyesimamia, mtu mpole aitwaye Oduor, aliwaeleza wanakijiji kwamba yeye angependa ule wa bondeni, maana hauhamishi watu. Lakini udongo ndio utakaoamua.

Sampuli zilipelekwa Miritini.

Salha alilitambua gunia kabla ya kusoma kibandiko. Alilifungua, akachukua bonge, akalivunja kwa vidole, akasikia ule ukali wa pembe zake zilizokauka kama vigae. Alifunga gunia tena, akaenda moja kwa moja kwa Oduor, ambaye siku hiyo alikuwa pale ofisini, akamwambia ukweli wote: shamba la juu ni la babangu, na katika makaburi yale mamangu yumo, na mwanangu yumo.

Oduor alimvutia kiti. Alisema pole. Kisha akamuuliza kama angependa kazi ile apewe mwenzake, Wafula, peke yake. Salha alisema la, aipime Wafula na yeye aipime, kila mmoja na sehemu yake, na majibu yalinganishwe. Hakueleza kwa nini. Huenda hata mwenyewe hakujua. Alichojua ni kwamba hangeweza kukaa nyumbani Chaani huku mtu mwingine akiuliza swali lile.

Jumapili ile alikwenda kwa babake kupitia Dongo Kundu. Alimkuta anapalilia majani kwenye makaburi, taratibu, akiyang'oa kwa mkono ili jembe lisiguse chochote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wamenambia udongo umefika kwenu."

"Umefika."

Mzee Faki aliendelea kung'oa. Akasema yeye barabara aitaka, hakuna aitakaye kumshinda yeye. Kila masika yakianza humwona yule mtoto mabegani mwa babake. Lakini haitaki juu ya mtoto mwenyewe. Kisha akainua macho.

"Si wewe ndiwe upimaye? Basi pima. Mola atatusitiri."

Salha alielewa alichoombwa, na alielewa pia kwamba babake hakukusudia kuomba. Alikaa naye, wakang'oa majani pamoja hadi adhana ya alasiri.

Kazini walianza kama ilivyo desturi. Udongo uliokauka walitwanga kwa mchi wa mpira, ili chembe zenyewe zisivunjike, wakachekecha kwa chekeche laini na kuchukua kile kilichopita tu. Wakauchanganya na maji safi juu ya kioo kwa visu bapa, wakaufunga usipigwe na hewa, wakauacha hadi kesho yake, kwa maana udongo wa namna ile hunywa polepole na ukiuharakisha hukudanganya.

Kesho yake Salha alilijaza bakuli dogo la shaba, akalisawazisha, akapitisha kikato katikati. Pakawa na mfereji uliogawa udongo nusu kwa nusu. Akaanza kuzungusha mkono wa mashine. Kila mzunguko bakuli huinuka kimo cha upana wa kidole na kuanguka juu ya kitako chake, tap, na kila likianguka zile nusu mbili husogeleana. Kinachotafutwa ni kiasi cha maji ambacho zitakutana chini ya mfereji kwa mapigo ishirini na tano. Udongo mkavu zaidi utahitaji mapigo mengi, wenye maji zaidi machache. Alirudia mara kadhaa akiongeza maji kidogo kidogo, na kila mara akachota kipande pale nusu zilipokutana, akakipima uzito kikiwa kibichi na kukitia oveni kikauke, ili apate kujua maji yalikuwa kiasi gani. Mwisho alichora vituo vyake kwenye grafu, akavuta mstari, akasoma kwenye ishirini na tano. Themanini na tatu. Yaani katika uzito wa mia wa udongo mkavu, udongo ule ulimeza themanini na tatu za maji kabla ya kukubali kutiririka.

Mradi ulikuwa umeweka mpaka: tofauti ya majibu yale mawili isizidi hamsini. Kwa hiyo kila kitu sasa kilining'inia kwenye swali la pili. Ikiwa udongo ungeanza kukatika ukiwa na maji thelathini na tatu au zaidi, bonde limepita. Ukikatika na pungufu ya hapo, limeanguka.

Jaribio hilo la pili halina mashine. Ni kiganja cha mtu na kipande cha kioo. Unachukua donge dogo, unaliviringisha kwa vidole liwe uzi, hadi uzi ufikie unene wa milimita tatu. Ukifika hapo bila kukatika, unaukusanya, unaukanda, unauviringisha tena, na joto la mkono wako linaukausha kidogo kidogo. Siku zote huja mzunguko ambao uzi unafika unene ule na papo hapo unapasuka vipande. Hapo ndipo unaposimama na kupima maji yaliyobaki.

Wafula alikuwa chumba cha pili akishughulika na oveni. Salha aliviringisha. Uzi ulitoka laini, mrefu, unang'aa. Akaukusanya, akarudia. Baada ya muda uzi ulikuwa bado mnene, mnene kama penseli ya shule, ulipotokea ufa mmoja mdogo pembeni.

Alisimamisha mkono.

Aliutazama ule ufa. Mtu mwingine angeweza kusema, hapa umekatika. Angetia vipande mkebeni akafunika. Ukiwa mnene hivyo bado una maji mengi. Pengine ungetoa thelathini na nne, pengine na tano. Bonde lingepita. Barabara ingeteremka chini, na juu kule majani yangeendelea kung'olewa kwa mkono. Tofauti ya jambo lote ilikuwa ni unene wa uzi, na hakuna mtu duniani angekuja kuupima uzi ambao umeshaingia oveni. Kweli, Wafula naye alikuwa na sehemu yake. Lakini vidole vya watu wawili havifanani, na majibu yakipishana kidogo, mhandisi mwenye huruma huchukua katikati.

Akamwona Anwar hana viatu. Akaona leso, na mguu mdogo ulioning'inia nje ya leso ukiwa na tope kwenye kisigino, ingawa mtoto hakukanyaga chini hata mara moja. Tope lile lilimrukia kutoka kwa babake. Salha ndiye aliyelifuta, hospitalini, wakati wengine wanatafuta shuka. Lilikuwa limeng'ang'ania, ikabidi alikwangue kwa ukucha.

Akaukusanya uzi, akaukanda, ufa ukafumbika. Akaviringisha tena. Na tena. Ulipita unene wa penseli, ukateremka, ukafika milimita tatu ukiwa mzima. Akaurudisha. Machozi yalikuwa yakimtoka, akageuza uso pembeni yasidondokee kioo, maana hata tone moja lingeharibu kipimo. Udongo ulikuwa unakataa kukatika. Alipokuwa karibu kuamini kwamba hautakatika kabisa, uzi ulifika unene wake ukagawanyika vipande vipande chini ya vidole vyake, kimya.

Ishirini na tisa. Tofauti, hamsini na nne. Ya Wafula ilitoka hamsini na tano.

Oduor hakuridhika na shimo moja. Alichimbisha mengine bondeni kwa urefu wote wa njia, na sampuli zake zikaja zikapimwa. Nyingine zilikuwa mbaya zaidi. Alifikiria kuuondoa udongo wote na kujaza mwingine, lakini mashimo yalishuka zaidi ya kimo cha mtu bila kuumaliza. Alifikiria kuutuliza kwa chokaa, ambayo kweli hupunguza ukali wa udongo wa namna hiyo, lakini chokaa ingetibu tabaka la juu tu, na chini yake bonde lingeendelea kuvimba na kusinyaa kama lilivyozoea. Mchanga mwekundu wa juu ulipopimwa, tofauti yake ilikuwa tisa. Alimwita Salha akamwambia yeye kwanza, kabla ya kikao cha kijiji, kwamba barabara itapita juu. Alisema alijaribu kuusogeza mstari, lakini upande mmoja ni msikiti na shule, upande mwingine ni mteremko. Salha alimshukuru. Alimwomba jambo moja tu, kwamba babake aambiwe na yeye mwenyewe, bintiye.

Alimkuta mzee barazani anasuka ukili wa mkeka. Salamu zilipokwisha, alimweleza, pole pole, kama anavyosimulia mtu habari ya msiba. Mzee Faki alisikiliza hadi mwisho.

"Ni wewe uliyepima?"

"Ni mimi, baba. Na mwenzangu."

"Mkono wako huu."

"Naam."

"Hukuweza kusema vingine?"

Salha alifikiri kumjibu kwamba haikuwezekana. Lakini hakuwa amekuja kusema uongo, hasa baada ya kukataa kuusema kule.

"Niliweza, baba. Kulikuwa na wakati niliweza."

Mzee Faki aliuweka ukili chini. Salha akaanza kumwambia kuhusu barabara itakayopasuka, kuhusu masika na gari jingine na mtoto wa mtu mwingine, lakini mzee aliinua kiganja.

"Hayo nayajua. Mimi ndiye niliyesukuma gari. Sikuulizi kama ulifanya haki." Alielekeza kidole upande wa mashariki. "Mimi nilimlaza nikamwambia, lala hapa, babu yako yupo, hutasumbuliwa. Nilimwahidi. Sasa nimwambie nini?"

Mzee aliinuka akaingia ndani, na siku hiyo hakutoka tena.

Sheikh alipoulizwa alisema kaburi halifukuliwi ila kwa dharura, na hii ni dharura. Ilipangwa kazi ifanywe asubuhi, kwa staha, na mabaki yahamishiwe makaburi ya Waislamu ya mtaa, upande wa pili wa kijiji. Anwar alikuja kutoka Kisauni. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi. Walisalimiana na Salha kwa mbali, kila mmoja akaulizia afya ya mwenzake, wakasimama.

Wanawake walikaa uani kama ilivyo ada. Salha alimwomba babake ruhusa ya kusimama karibu, nje ya pazia la shuka walilolitandaza kuzunguka kaburi. Mzee hakumtazama, lakini alisema mwacheni. Walianza na wakubwa. Zamu ya Jalila ilipofika, Mzee Faki alishika jembe, akalitua, akashindwa. Anwar akalichukua, na baadaye akaliweka kando akatumia mikono. Mchanga mwekundu ulitoka kirahisi, haukung'ang'ania kitu. Salha alisikia sauti yake tu, ule mwanguko mkavu wa mchanga juu ya mchanga. Kisha akasikia kimya, kisha akasikia mwanamume analia chini ya ardhi.

Anwar alitoka na kifurushi cha sanda mpya. Alipaswa kumpa sheikh. Akampita sheikh, akaja hadi alipo Salha, akamnyooshea.

"Mshike kidogo," alisema. "Siku ile sikukupa umshike. Nilidhani nikisimama tutachelewa."

Salha alimpokea. Kwa miaka mingi amebeba magunia na mikebe, na mkono wake umezoea kukisia uzito kabla ya mizani. Mkono ulikisia wenyewe, bila kuombwa, na alitamani usingefanya hivyo. Alimshika kifuani hadi sheikh alipokuja kumgusa bega kwa upole.

Barabara ilijengwa. Ni nzuri, na masika mawili yamepita juu yake haijapasuka popote. Waja wazito hufika hospitali. Anwar, akija siku ya Idi kuzuru kaburi jipya, humpigia Salha simu kumwambia amefika, na wakati mwingine huketi pale pamoja, wakizungumza habari za mtoto wao kwa mara ya kwanza tangu afe: alivyopenda kula ganda la embe, alivyomwita paka "bwana".

Mzee Faki yeye haipiti barabara ile. Akienda msikitini au makaburini huteremka bondeni kwa miguu, ijapokuwa magoti yanamsumbua na njia ni ndefu zaidi. Salha akimwamkia huitikia marahaba, na akimletea mkate huupokea na kumwombea dua. Zaidi ya hapo hasemi naye mengi. Jirani aliwahi kumwambia mzee kwamba amsamehe binti yake. Alijibu kwamba hana la kumsamehe, hakukosa. Ni moyo tu uliogoma.

Masika yaliyopita Salha alifika Ijumaa moja akamkuta anajitayarisha kwenda kaburini, mvua ndiyo kwanza inaanuka. Hakumwomba apite juu. Alivua viatu, akakunja buibui, akateremka nyuma yake. Udongo ulishika nyayo zao ukazifanya nzito, kila hatua ikitoa sauti ya kunyonya. Katikati ya bonde mzee alizama hadi kwenye kifundo akayumba. Salha alimnyooshea mkono. Mzee aliutazama ule mkono kitambo, kisha akaushika, wakavuka hivyo.